Konvata haijalaza twiga wako

Wiki hii tena nimeletewa foda, picha 340 za safari, jamaa wa ofisi moja ya utalii hapa Arusha ananiambia yaleyale ya kila siku, "kaka, konvata imezigeuza picha." Haijageuza kitu jamani! Tatizo lenyewe ndo hilo, haikugeuza.

Ukishika simu wima, sensa inasoma kwa mlalo kama kawaida yake, faili linatoka 4000 kwa 3000, halafu simu inaandika namba ya mwelekeo kwenye EXIF, yale maelezo yanayokaa ndani ya faili la picha. 1 ni acha ilivyo, 3 pindua digrii 180, 6 zungusha 90 kulia, 8 zungusha 90 kushoto. Galari inasoma hiyo namba ndo unaona twiga kasimama. Jamaa alipunguza picha kwa mkupuo kwa ImageMagick, hiyo konvata yenyewe, akaweka `-strip` ili ziwe nyepesi, namba ikafutika, pikseli zikabaki vile zilivyotoka porini, twiga kalala ubavu.

Kinachonikera sasa. Kabla hajaniletea alishachukua zote zilizokaa vibaya akazizungusha 90 kulia. Twiga wakasimama, sawa, hao walikuwa na 6, lakini Mlima Meru ulikuwa kichwa chini kwa sababu dereva alishika simu kwa upande wa pili (namba 3), sasa ukawa umelala ubavu, na JPEG zote zimesevwa upya juu ya zilezile, ubora umeshuka bure. Nakala iliyofutwa EXIF haikwambii tena ilipaswa kukaaje, kwa hiyo rudi kwenye orijino usome namba kwanza:

```
exiftool -n -Orientation -ImageSize orijino
```

Alikuwa nazo bado kwenye memori kadi, bahati yake. Nikaingia kwenye foda ya orijino:

```
mkdir web
magick mogrify -path web -auto-orient -resize 1600x1600 -strip *.jpg
```

`-auto-orient` inazungusha pikseli zenyewe na namba inarudi 1. Lazima itangulie `-strip`, ukizibadilisha nafasi itakuta hamna namba ya kusoma, haitafanya kitu wala haitalalamika, na ndo maana watu wanaapa kwamba "haifanyi kazi".

Halafu kuna wale wanaotaka kurudisha tarehe na GPS baadaye, wanakopi EXIF yote toka orijino, ile 6 inarudi juu ya picha iliyokwisha zungushwa, twiga analala tena. Ukiwa bado ndani ya foda ya orijino, kopi zote ila hiyo:

```
exiftool -tagsFromFile %f.%e -all:all --Orientation web
```

Ila nisidanganye, kuna zinazonishinda. Mtu akipiga menyu iliyolala mezani simu inatazama chini, haijui juu ni wapi, namba inaandikwa ya kubahatisha na hakuna amri ya kuligundua hilo. Kwenye hizi 340 zilikuwa 11, nimezigeuza kwa mkono moja moja, na mbili kati yake ni sahani ya ndizi nyama ambayo mpaka sasa sijui upande wake ni upi.