Bei ya uhamisho ni nini pale kitengo kinachouza kina nafasi ya ziada

Bei ya uhamisho ni ile bei ambayo kitengo kimoja kinakiuzia kitengo kingine ndani ya biashara ileile. Hela haitoki nje, inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia, lakini ikipangwa vibaya biashara inapoteza hela kweli kabisa.

Chukua mtu ana kiwanda cha kupasua mbao pale Mafinga na karakana ya fanicha jirani yake, kila kimoja na meneja wake. Kiwanda kina uwezo wa kupasua mbao 1,000 kwa wiki ila wateja wa nje wananunua 700 tu, kwa sh 9,000 kila ubao, kwa hiyo alhamisi mchana msumeno unazimwa na vibarua wanakaa juu ya magogo wanapiga stori. Gogo, dizeli na malipo ya vibarua vinakula sh 6,000 kwa ubao. Kodi ya eneo na mishahara ya kudumu italipwa tu hata msumeno ukilala.

Sasa karakana inataka mbao 300, na mtaani inazipata kwa 8,000. Meneja wa kiwanda anasema bei ni 9,000 kama kwa kila mtu, basi wa karakana anaenda zake mtaani, na hapo wote wawili wanajiona wamefanya sawa. Ila bosi ametoa 8,000 kwa ubao ambao ungemgharimu 6,000, mara 300 hiyo ni laki sita kila wiki imeenda kwa muuzaji wa mtaani.

Kwa sababu mashine ilikuwa imelala, kuipasulia karakana hakumfukuzi mteja yeyote, kwa hiyo bei ya chini ni hiyo 6,000 na ya juu ni 8,000 ya mtaani. Mimi nisingeweka 6,000 kamili, maana meneja wa kiwanda atachoka bure bila faida hata senti na kesho atatafuta visingizio. Weka 7,000, kila upande unapata laki tatu.

Wengi wanateleza hapa: karakana ikitaka mbao 400. Mbao 100 za mwisho inabidi umnyime mteja wa nje, na kila ubao wake ulikuwa unakuachia 3,000, kwa hiyo kila ubao katika hizo mia unakugharimu 6,000 na 3,000, yaani 9,000. Ukigawanya kwa zote 400 unapata wastani wa 6,750 na unaona bado ni nafuu kuliko mtaani, kumbe wastani unakuficha, zile 300 pasua mwenyewe, hizo 100 kanunue nje kwa 8,000.

Na wateja wa nje wakiongezeka mpaka msumeno unakata hadi jumamosi, hiyo 7,000 inabidi muikalie upya siku hiyohiyo.