Kutetemeka si ushahidi: tunapima vipi maelezo ya mtu kwenye uchunguzi

Wengi wakihoji mtu wanamtazama macho na mikono, akitokwa jasho ni muongo, akitulia ni mkweli. Sisi hilo hatulihesabu. Mwaka 2006 watafiti Bond na DePaulo walijumlisha tafiti nyingi za watu wakijaribu kutambua nani anadanganya, na watu hao walipatia kama asilimia 54 tu, yaani ni kama kurusha shilingi. Na godauni za hapa Mombasa zisizo na feni nani hatoki jasho?

Tuseme godauni moja Shimanzi imepoteza madumu 40 ya mafuta ya kupikia, ya lita 20. Supavaiza, mtulivu kabisa, anasema saa kumi na mbili jioni alimuona storkipa akiyapakia yote kwenye tuktuk ya abiria akaondoka nayo mara moja. Storkipa anababaika, sauti inakatika, ati yeye saa kumi na moja na nusu alishatoka kuwahi feri ya Likoni.

Kwanza tujiulize, hili lawezekana? Dumu moja la mafuta ni kilo 18 na kitu, mara 40 zapita kilo 700, na ile tuktuk ni ya abiria watatu.

Halafu tutafute kitu cha nje kinachounga mkono. Kamera ya geti inamuonyesha storkipa akitoka 17:58, na hapo wengi wangesema tumemnasa, lakini ukilinganisha saa ya kamera na ya simu unakuta kamera iko mbele dakika 25, kwa hivyo alitoka 17:33. Kuna karani pia anayemuunga mkono supavaiza, ila ukimuuliza alionea wapi anasema aliambiwa na supavaiza mwenyewe, basi hao si mashahidi wawili, ni mmoja.

Kulingana kwa maelezo ndiko watu hukosea sana. Storkipa siku ya pili akisema "kama kumi na moja na dakika arubaini hivi" hiyo ni kumbukumbu ya kawaida, ningeshuku zaidi kama angerudia neno kwa neno. Supavaiza naye, baada ya kuonyeshwa hesabu ya kilo, akasema labda zilikuwa trip tatu. Hapo kimebadilika kiini cha maelezo, tena baada ya kuona ushahidi, ndiyo maana tunachukua maelezo kamili kwanza, kumuonyesha mtu ushahidi baadaye. Lakini muulize kwa nini amebadilisha, umuandikie jibu lake. Na kama mwajiri anafikiria kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Ripoti iandike kilichothibitika tu: tuhuma dhidi ya storkipa haikusimama. Nani alichukua mafuta bado haijulikani, maana supavaiza kuyumba hakumfanyi mwizi. Kitabu cha geti kina pikapu iliyotoka jioni ile, namba yake imeandikwa, na dereva bado hajahojiwa.