Sensa ikipotea usikimbilie SPI, angalia rezista kwanza

Jana kijana mwingine kanijia Kariakoo, BME280 mkononi, sensa ya joto na unyevu. Kaifunga kwenye chumba cha baridi cha samaki Temeke, ESP32, chipu inayoisoma, iko nje, katikati kuna kebo ya mtandao ya mita 6. Inasoma dakika mbili, kisha inapotea. Zinaongea kwa I2C, njia ya waya mbili, mmoja wa data na mmoja wa saa. Wenzake wamemwambia aache hiyo, atumie njia nyingine: "Hamia SPI, ina kasi."

Kasi ya nini? Usomaji mmoja kwa I2C ya kiloherzi 100 ni kama milisekunde 1. SPI ingemaliza kwa mikrosekunde chache, sawa, lakini sensa yenyewe inatumia karibu milisekunde 8 kupima, na yeye anasoma mara moja kwa dakika!

Ugonjwa uko kwenye rezista. Kwenye I2C chipu zinavuta waya chini tu. Kuupandisha ni kazi ya rezista iliyoungwa na volti 3.3, na kabla waya haujapanda lazima kapasitansi ya kebo ijae. Mimi huhesabu pikofaradi 50 kwa kila mita, kwa hiyo hapa ni 300, na 20 za pini. Moduli yake ilikuwa na rezista za kiloomu 10, kwa hiyo muda wa waya kupanda ni:

```
t = 0.85 × 10000 × 320 pF ≈ 2.7 µs
```

Kwa kiloherzi 100 mwisho unaoruhusiwa ni mikrosekunde 1. Kwenye osiloskopu, badala ya mraba, niliona mapezi ya papa. Nikaongeza kiloomu 2.2 kwenye SDA, waya wa data, na nyingine kwenye SCL, waya wa saa. Zikiungana na zile 10 unapata kama 1.8, na mpando unashuka hadi mikrosekunde 0.5. Mkondo ni kama miliampea 1.8, chini ya 3 ambazo chipu inatakiwa kuzimudu. Ila programu yake ilikuwa kwenye kiloherzi 400, ambako mwisho ni 0.3, basi tukairudisha:

```
Wire.setClock(100000);
```

Tena SDA na SCL alizipitisha kwenye jozi moja iliyosokotwa, zikawa zinaambukizana. Kila moja isokotwe na GND.

SPI inasukuma waya juu na chini kwa nguvu, ndiyo maana ina kasi. Kwenye mita 6 kingo hizo kali zinagonga mwisho na kurudi, na chipu inaweza kuhesabu pigo moja la saa mara mbili. Halafu haina uthibitisho: waya ukikatika unasoma 0xFF au 0x00 tu, wakati I2C inakwambia hakuna aliyejibu. SPI naitumia kwenye sensa ya mtetemo wa mota, sampuli maelfu kwa sekunde, sentimita chache kutoka kwenye chipu.

Hizo pikofaradi 50 ni makadirio, kebo hazifanani. Na kompresa ikiwaka, bado usomaji mmoja mmoja unakosa. Hesabu yangu haina pa kuweka kelele ya mota, kwa hiyo programu inarudia hadi mara tatu. Ikishindikana, ESP32 itahamia karibu na sensa, na hizo mita 6 zitapita kwa RS-485, njia iliyotengenezwa kwa kebo ndefu.