Mkataba ukiisha, mteja wa Upwork bado si wako

"Mkataba wa kwanza umeshafungwa na nimelipwa, si naweza kumwambia mteja anitumie hela moja kwa moja benki?"

Hapana ndugu yangu, hapo ndo wengi tunateleza. Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi na wateja, wanataka mlipane humo kwa miezi 24 tangu siku mlipokutana humo, mwisho wa mkataba hauhusiki. Mfano uko hapa Area D, Dodoma, unatengeneza logo, mteja kakupata humo tarehe 10 Machi 2024, kazi ikaisha Juni, basi malipo yake yote yanapita humo mpaka Machi 2026 hata akirudi na kazi tofauti kabisa. Mkitaka kutoka mapema kuna ada ya kuhamisha mteja, inalipwa kwao rasmi, na kwa kazi ndogo mara nyingi haina faida.

Halafu kuna hili la WhatsApp. Kabla mkataba haujaanza usimpe namba wala imeili, ukishaanza mnaweza kuongea nje ila hela ibaki ndani. Ujumbe kama "tukwepe makato" ukiandikwa kwenye chati ndo ushahidi wenyewe, akaunti inaweza kufungwa na rivyu zako zote zikaenda nayo.

Mteja mwenyewe akikushawishi mtoke, mjibu tu: "Kwa sasa sheria inatubana mpaka miezi 24 iishe, tuendelee humu." Mimi naona mteja makini hachukii hilo, anajua na siri zake utazitunza hivyohivyo. Wa moja kwa moja watafute kwingine, mfano yule mwenye lodge uliyekutana naye Nyerere Square, huyo hamkukutana Upwork, sheria hiyo haimhusu.