Jina la zana si ushahidi wa kazi: wasifu wa testa na tangazo la kazi

Wiki hii nimeletewa tena wasifu wa testa wa programu wenye mstari huu: "Selenium, Appium, Postman, JMeter, Jira." Majina yamenakiliwa kutoka kwenye tangazo, kwa mpangilio uleule. Mwenye wasifu, kijana wa Nyegezi, akaniambia, "Kaka, si wanaangalia zana? Nimeziweka zote." Nimesikia hilo mara nyingi mno, na linawanyima kazi watu wanaoiweza.

Tangazo lilitaka majaribio ya rigresheni kwenye programu ya Android, majaribio ya API, "Appium au zana inayofanana nayo," na ufuatiliaji wa kasoro kwa Jira. Kijana alikuwa amefanya kazi kwenye mfumo wa kukata tiketi za boti ya kwenda Ukerewe. Tulikaa Kirumba na kuanza na neno rigresheni, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza.

Nilimuuliza rigresheni aliifanyaje. Akajibu, "Developa akirekebisha, naangalia kama tatizo limeisha." Hapana! Huko ni kuhakiki marekebisho. Unarudia hatua zilezile zilizoonyesha kasoro, unaona imeondoka, unafunga tiketi ya kasoro hiyo kwenye Jira. Rigresheni inauliza jambo jingine: je, marekebisho hayo yameharibu kitu kilichokuwa kizima? Unapima mahali ambapo hakuna aliyelalamika. Testa anayechanganya hayo mawili atafunga tiketi kwa furaha huku mfumo ukivuja upande wa pili, na msaili atamgundua kwa swali moja. Ndiyo maana ninaling'ang'ania.

Lakini sikumwambia afute neno hilo. Nilimwomba afungue Jira, atafute tiketi alizoziandika mwenyewe:

```
reporter = currentUser() AND issuetype = Bug ORDER BY created DESC
```

Moja ilieleza makarani wawili waliobonyeza "Lipa" kwa wakati mmoja, kiti cha mwisho kikauzwa mara mbili. Ilirekebishwa, akaihakiki. Siku mbili baadaye kulikuwa na nyingine ya kwake: abiria akighairi safari, kiti hakirudi sokoni. Kughairi kulikuwa kunafanya kazi vizuri kabla ya yale marekebisho. Hiyo ndiyo rigresheni, alikuwa ameifanya kwa mikono yake bila kujua jina lake!

Basi mstari wa "rigresheni" tukauandika hivi: "Baada ya kasoro ya kiti kuuzwa mara mbili kurekebishwa, nilirudia majaribio ya kuuza, kughairi na kuhamisha tiketi, nikagundua kiti kilichoghairiwa hakirudi, nikaandika hatua za kuirudia, toleo la mfumo, matokeo yaliyotarajiwa na yaliyotokea, ikarekebishwa kabla ya toleo kwenda kwa wateja." Majina ya kampuni na abiria hayamo. Usibandike kamwe picha za skrini za mwajiri wako, hata kama zinakupamba.

Zana hazikutuchukua muda. Postman alikuwa ameitumia kweli kupima API ya malipo, ikabaki, ikiwa na mfano wake. JMeter alikuwa ameifungua mara moja tu, na tangazo halikuiomba, tukaitoa. Appium hakuwahi kuigusa. Selenium inaendesha kivinjari, Appium inaendesha programu za simu, hivyo moja haiwezi kuandikwa badala ya nyingine. Hata hivyo Appium imejengwa juu ya itifaki ya WebDriver, ileile ya Selenium: kutafuta kitufe kwa kitambulisho chake na kusubiri kionekane kabla ya kukibonyeza ni ujuzi unaovuka. Tukaandika wazi: Selenium kwa miezi kadhaa, Appium bado, na yapi kati ya hayo yanahamia. Tangazo lilisema "inayofanana nayo," kwa hiyo hakuwa anaomba upendeleo.

Alitaka pia kuandika idadi ya kasoro alizoripoti. Nilimkataza. Kasoro moja inaweza kugawanywa kuwa tiketi kumi za rangi ya vitufe. Mimi huangalia zilizorudishwa kwa maelezo "haiwezi kurudiwa": zikiwa nyingi, huenda hatua ziliandikwa ovyo. Ila kipimo hicho nacho sikiamini kikamilifu, maana developa mbishi hurudisha tiketi nzuri pia, na kwenye Jira zote mbili zinaonekana sawa.

Na kuna jambo bado sijalipatia jibu. Ofisi nyingi ndogo hapa Mwanza hazina Jira kabisa; kasoro hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, picha na sauti, kisha zinazama. Testa wa hapo anaweza kuwa hodari, lakini hana cha kufungua mbele yangu. Kwa sasa nawaomba wachague kasoro tatu wanazozikumbuka, waziandike upya kama tiketi kamili, na waseme bayana kwenye wasifu kwamba wameziandika baadaye.