Kuzungusha kitenge mbele ya kamera si skripti

Kila muuzaji wa vitenge anayenitafuta nimwandikie video huanza na maneno yaleyale: "Wewe niandikie ya kusema tu, kitenge chenyewe tutakizungusha." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika kwa wote. Ya kusema ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Skripti ya kitambaa chenye maua inaandika miondoko: mikono inashika wapi, kitambaa kinaelekea upande gani, kinatulia lini, na mteja awe ameshajua nini kabla klipu haijabadilika.

Huko kuzungusha ndiko kunakoharibu. Video ikipandishwa mtandaoni hubanwa ili iwe nyepesi, na ubanaji huo hutegemea vitu vinavyofanana kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukuta mtupu haubadiliki, hivyo hubaki safi. Kitenge chenye maua yaliyosongamana kikipeperushwa hubadilika kila kona kwa wakati mmoja, nafasi ya kuhifadhi yote hayo haipo, na maua yanageuka vijiboksi vya rangi. Kwenye simu yako kabla hujaituma video ilikuwa inang'aa. Kwa mteja imefika ikiwa imevurugika, naye anaamini kitambaa ndicho hafifu.

Kwa sababu hiyo skripti zangu zina neno "tulia" kila mahali. Mwondoko wa sekunde mbili, kisha tulia sekunde mbili au tatu. Ua husomwa kitambaa kikiwa kimetulia. Mwendo una kazi nyingine: kuonyesha uzito wa kitambaa, kinavyolala mwilini, na ua linakwendaje likishageuzwa kuwa nguo. Hilo la mwisho ndilo wauzaji wengi hawataki kulisikia, kwa hiyo nitalichambua taratibu.

Chukua kitenge cha yadi sita, upana sentimita 115, chenye ndege wakubwa. Swali la kwanza ninalomuuliza muuzaji: vichwa vya ndege vinaelekea wapi? Vikielekea kwenye ukingo mmoja wa kitambaa, maana yake ndege husimama wima pale tu upana wa kitambaa unapokuwa ndio urefu wa nguo. Na upana ni sentimita 115, basi. Gauni lililonyooka, kutoka begani hadi pindo, halitavuka hapo bila kuungwa, na bado hujatoa sehemu ya mshono na ya kukunja.

Sasa tazama jinsi mwondoko mmoja unavyoweza kusema yote hayo. Naandika hivi: mvaaji anasimama mbele ya kamera, mwili mzima uonekane. Anashika ukingo wa juu kwa mikono miwili, anauweka usawa wa mabega, kisha anaachia kitambaa kianguke. Tulia. Kimeishia wapi? Kwa mvaaji huyu ni katikati ya goti na kifundo cha mguu. Sauti: "Ukitaka ndege wasimame, gauni lako linaishia hapa. Ukitaka refu, fundi ataunga kiunoni." Sekunde sita tu, na mteja ameona ukubwa wa ua dhidi ya mwili wa mtu, ameona urefu, na ameona ndege wanapokaa. Ukikirusha hewani hakuna hata moja kati ya hayo analopata.

Halafu skati ya duara, ambayo kila mtu anaipenda kwenye video kwa sababu inapanuka mvaaji akigeuka. Kiuno sentimita 70, urefu sentimita 70. Shimo la kiuno lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 11, kwa hiyo kila nusu duara inahitaji sentimita 81 kutoka katikati hadi pindo, yaani kipande cha urefu wa sentimita 162. Nusu mbili ni sentimita 324. Yadi sita ni kama mita tano na nusu, basi zinabaki zaidi ya mita mbili za blauzi. Mpaka hapo mambo safi.

Lakini ndege je? Kiuno cha kila nusu duara kikiwa upande wa ukingo ambako vichwa vinaelekea, ndege watasimama katikati ya mbele na katikati ya nyuma. Ubavuni watakuwa wamelala, kwa sababu pale kitambaa kinashuka kwa kufuata urefu wake. Hakuna fundi wa kulizuia hilo, ndivyo duara lilivyo. Fundi anayetaka kubana matumizi ataigeuza nusu moja ili nusu mbili zipishane, ataokoa karibu nusu mita, na ndege wote wa katikati ya nyuma watakuwa kichwa chini. Mvaaji hajioni mgongoni. Wengine wanamwona.

Ndiyo maana kwenye skripti siandiki "azunguke". Naandika: mbele, tulia, robo mzunguko, tulia ubavuni, robo nyingine, tulia mgongoni, ndipo ageuke haraka mara moja ili skati ipanuke. Ule mzunguko wa haraka unapendeza, sijakataa, ila uje mwisho, mteja akishajua anachokitazama. Na ubavuni sauti iseme wazi: "Hapa ndege wamelala. Kwa skati ya duara chagua ua lisilo na juu wala chini."

Muuzaji mmoja aliniambia sentensi hiyo inamfukuzia wateja wa ndege. Huenda ni kweli, na siwezi kumwahidi kinyume chake. Ninachokijua ni kwamba mteja anayegundua kwa fundi, kitambaa kikiwa kimeshakatwa, humlaumu aliyemuuzia. Tena sentensi hiyo hiyo inauza kitenge cha pili kilichoko rafu ya jirani, chenye miduara au maua yaliyotawanyika pande zote. Basi weka vyote viwili kwenye video moja, mshono uleule, mvaaji yuleyule.

Mambo ya kamera nayapitia haraka. Kabla ya kuanza, izuie simu isijibadilishie mwanga, mizani ya rangi wala umakini wa lenzi, la sivyo kitambaa chekundu kikijaza skrini simu itabadilisha rangi yenyewe katikati ya klipu. Ukipandisha kasi ya shata ili mwendo usiwe na ukungu na ukaona mistari inapita juu ya picha, tatizo ni taa zako. Sogea dirishani.

Linalonisumbua mpaka leo ni mwendo wa polepole. Unapunguza ukungu na ua linasomeka hata likiwa hewani, kwa hiyo unanivutia. Lakini pamba ngumu ikipunguzwa kasi inaonekana laini na nyepesi, inaelea, na mteja anaagiza akitarajia kitambaa cha kumwagika mwilini. Anapokea kitu kinachosimama chenyewe kwenye marinda. Kinachozidi kuchanganya ni kwamba kitenge kipya huwa na wanga, na kikifuliwa hulegea. Je, nipige video ya kipya kinavyotoka dukani, au ya kilichofuliwa atakachokivaa miaka yote? Kwa sasa naandika vyote viwili, bega kwa bega, kwa kasi ya kawaida: mkono unakunja kona ya kipya na kuiachia, kisha kona ya kilichofuliwa. Ya kwanza inarudi ilipokuwa. Ya pili inabaki imelala. Wauzaji wananiomba niikate klipu hiyo kwa kuwa haina rangi ya kutosha wala muziki hauingii vizuri, na mimi naendelea kuirudisha.