Usaili wa kisa: kulipanga kwa sauti tatizo usilolijua

Kampuni za ushauri wa biashara kama McKinsey na BCG haziishii kumuuliza mwombaji kazi alisoma wapi. Humpa kisa: kampuni fulani imepatwa na jambo, je, ungefanyaje? Wengine huuita usaili wa kesi, ingawa hakuna hakimu. Anachosikiliza msaili ni namna unavyolikata swali kubwa kuwa maswali madogo yanayojibika kwa hesabu, na sababu ya kulikata hapo ulipolikata. Huko ndiko kulipanga tatizo, na hufanywa kwa sauti kwa kuwa msaili hawezi kuona yaliyo kichwani mwako.

Mpwa wangu alikuja kwangu Ngamiani kufanya mazoezi, nikajitia msaili. Kisa nilikitunga mwenyewe: shamba la mkonge upande wa Muheza lilikuwa na faida ya shilingi milioni 30 kwa mwezi, sasa lina hasara ya milioni 2. Kwa nini? Binti amezaliwa Tanga, lakini mkonge anaujua kwa kuuona dirishani mwa basi tu.

Akaanza: "Mjomba, nitaangalia washindani, soko, wafanyakazi, mtaji..." Nikamkatiza. Orodha hiyo angeweza kuisoma hata kama ningemuuliza habari za kiwanda cha sabuni. Tena matawi yake yanagongana: mshindani akishusha bei, hilo tuliweke kwenye washindani au kwenye soko? Barbara Minto, aliyefanya kazi McKinsey, ndiye anayetajwa sana kwa kanuni inayotakiwa hapa, kwamba matawi yasiingiliane na yote kwa pamoja yasiache mwanya. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kukata kwa hesabu, maana hesabu haina mwanya.

Akaanza upya. Kwanza alilirudia swali: "Yaani faida imeshuka milioni 32, siyo?" Akauliza shamba linauza nini. Singa tupu, nikamwambia, yaani nyuzi za mkonge. Akaomba dakika moja aandike, nikampa. Kunyamaza kwa kuomba si kosa, kosa ni kuzama ghafla katikati ya maelezo.

Kisha: "Faida ni mapato kutoa gharama. Mapato ni tani za singa mara bei ya tani. Naomba namba za zamani na za sasa, nijue pengo liko tawi gani." Gharama, nikamjibu, ni zilezile. Bei imebaki milioni 4 kwa tani. Tani zimeshuka kutoka 40 hadi 32. Akapiga hesabu nikisikia: tani 8 mara milioni 4 ni milioni 32, pengo lote hilo. Gharama na bei akazifuta mbele yangu.

Hapo ndipo hesabu ya jumla inapoishia na ugeni unapoanza. Kwa nini tani zipungue, naye hajui singa zinatokaje? Ukifika hapo, fuata safari ya bidhaa. Akasema: "Mkonge siujui, ila lazima jani likatwe, lisafirishwe, litolewe singa, zikaushwe. Nimeruka hatua?" Nikamwongezea brashi, inayozisafisha singa kavu kabla ya kufungwa marobota, na nikamtajia korona, mashine inayoparua jani. Kukiri hivyo hakumpunguzii mtu alama. Anayejifanya anajua ndiye huanguka.

Safari hiyo ilimpa mgawanyo mwingine: tani za majani yanayoingia, na singa zinazotoka kwa kila tani. Majani, nikamwambia, ni tani 1,000 kwa mwezi, zamani na sasa. Basi kilichoshuka ni mavuno, kutoka asilimia 4 hadi 3.2. (Hiyo 4 isikushtue. Sehemu kubwa ya jani la mkonge ni maji na nyama.)

Akabaki na sababu tatu: majani yenyewe yana singa chache, labda yamekatwa machanga, korona inazitupa pamoja na taka, au zinapotea baadaye, kwenye kuanika na brashi. Kisha akafanya ambalo wengi hulisahau, akasema ni ushahidi gani ungezitenganisha. Taka za korona zikijaa singa, kosa ni la mashine. Zikiwa safi, tupime uzito wa singa kabla na baada ya brashi. Huko nako kukiwa sawa, turudi shambani.

"Taka zimejaa singa," nikamwambia.

"Basi naomba kujua korona ilirekebishwa lini mara ya mwisho, na tani zilianza kushuka lini."